Si kila muwasho ukeni ni fangasi

“Shikamoo daktari. Mimi nina fangasi sugu.” Hivyo ndivyo alivyoanza kuniambia mama mmoja wa watoto wawili, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 31, alipoketi mbele yangu miezi michache iliyopita. Hakusema anawashwa, wala hakusema anatokwa na uchafu. Alikuja na jina la ugonjwa tayari, na alitaka dawa kali zaidi ya zile alizokwishatumia.

Nilimuomba anisimulie tangu mwanzo. Miezi miwili nyuma alianza kuwashwa ukeni. Akaenda duka la dawa la jirani, akaeleza kwa sauti ya chini kwa kuwa kulikuwa na wateja wengine, akapewa vidonge sita vya klotrimazoli vya kuingiza ukeni. Akapata nafuu kwa wiki moja hivi. Muwasho uliporudi, duka lilelile likampa kidonge kimoja cha kumeza cha flukonazoli. Safari ya tatu akapewa tena vile vya kuingiza. Katikati ya hayo yote alikuwa akijisafisha ndani kwa sabuni na maji ya chumvi, kwa sababu kulikuwa na harufu iliyomkosesha raha, hasa baada ya tendo la ndoa.

Hapo kwenye harufu nilimsimamisha. Nikamuuliza, “Mdogo wangu, huko dukani kuna mtu aliyekuuliza kama kuna harufu?” Akatikisa kichwa. “Hapana daktari. Nikisema tu nawashwa, wananipa.”

Nimeamua kuandika juu ya mama huyu, kwa ruhusa yake na bila kumtambulisha, kwa sababu naona wagonjwa wa aina yake karibu kila wiki. Nadhani tumelifanya neno “fangasi” kuwa jina la kila tatizo la ukeni, na neno hilo linawagharimu wanawake.

Tuanze na lililo la kawaida. Uke wenye afya hutoa ute. Kwa wengi ute huo ni mweupe au usio na rangi, hauwashi na hauna harufu ya kukera. Huongezeka na kuvutika katikati ya mzunguko wa hedhi, na huongezeka pia wakati wa ujauzito. Ndani ya uke wanaishi bakteria walinzi ambao hutengeneza tindikali, na tindikali hiyo huzuia vijidudu vingine kuzaliana. Anayejiosha ndani kwa sabuni, ndimu, chumvi au dawa za kunukia anawafukuza walinzi wake mwenyewe. Kwa hiyo mama anayejisafisha ili kuondoa harufu mara nyingi huiongeza.

Sasa, fangasi wa kweli wana sura yao. Dalili yao kuu ni muwasho, tena muwasho mkali, pamoja na wekundu na kuchomachoma mkojo unapogusa ngozi ya nje. Uchafu wake ni mweupe, mzito, wenye mabonge kama maziwa mgando. Lakini hauna harufu mbaya. Naomba msomaji ushike hilo kuliko yote mengine: harufu mbaya si dalili ya fangasi. Mara nyingi fangasi huja baada ya mtu kutumia dawa za kuua bakteria kwa ugonjwa mwingine, au akiwa mjamzito, au sukari yake ikiwa juu.

Harufu kama shombo la samaki, pamoja na uchafu mwepesi wa kijivu au mweupe, huelekeza kwingine. Hapo mara nyingi bakteria walinzi wamepungua na bakteria wengine wamejaa mahali pao. Hali hiyo huwasha kidogo au haiwashi kabisa. Ukiona uchafu wa njano au kijani, wakati mwingine wenye povu, ukiambatana na harufu, muwasho na maumivu wakati wa kujamiiana, basi fikiria trikomonasi. Huyu ni kimelea kidogo kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Kisonono na klamidia nazo zinaweza kuleta uchafu, ingawa wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote.

Ukisoma maelezo hayo unaweza kudhani sasa unaweza kujipima mwenyewe nyumbani. Hapana. Dalili huingiliana, na mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwachunguza wanawake 95 waliokuwa wamenunua dawa za fangasi wakiamini ndilo tatizo lao. Takribani theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake. Waliobaki walikuwa na tatizo lingine, mchanganyiko wa matatizo, au hawakuwa na ugonjwa wowote. Ikiwa huko nako walikosea hivyo, kwa nini sisi tuliobanwa na haya mbele ya kaunta ya duka tupatie?

Kwa mama yule, uchunguzi ulichukua muda mfupi. Nilitazama uke kwa kifaa cha kuufungua. Uchafu ulikuwa wa njano inayoelekea kijani, na kuta za uke zilikuwa nyekundu. Niligusisha kidogo uchafu huo kwenye karatasi inayobadilika rangi kuonyesha kiwango cha tindikali. Uke wa kawaida wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa husoma 4.5 au chini yake, na mwenye fangasi mara nyingi hubaki hapohapo. Wake ulisoma kati ya 5.5 na 6. Tayari fangasi peke yake hawakuweza kueleza tatizo lile.

Kisha tulichanganya tone la uchafu na maji ya chumvi ya hospitali juu ya kioo, na mtaalamu wa maabara akalitazama kwa darubini papo hapo. Uharaka huo una maana, kwa sababu trikomonasi hutambulika kwa kuogelea kwake, na tone likikaa na kupoa vimelea huacha kucheza na huwezi kuvitofautisha na seli nyingine. Vyake vilikuwa vikiogelea. Hata hivyo, darubini ikionyesha “hakuna” haimaanishi moja kwa moja kwamba hakuna, kwani kipimo hiki huwakosa wagonjwa wengi. Dalili zikiendelea, rudi.

Kwa kuwa trikomonasi ni ugonjwa wa zinaa, tulipima pia virusi vya Ukimwi na kaswende, vyote havikuwepo, na sampuli ya kisonono na klamidia ikapelekwa maabara kubwa. Nayo ilirudi safi. Alitumia metronidazoli miligramu 400 asubuhi na jioni kwa siku saba. Dawa hii ni ya bei nafuu na ipo katika vituo vingi. Ndiyo, miezi miwili ya mateso ilihitaji dawa ya siku saba. Zile za fangasi zilimpa nafuu ya muda kwa sababu klotrimazoli inaweza kutuliza muwasho huo bila kuviua vimelea.

Sehemu ngumu ilikuwa mume. Asipotibiwa, humrudishia mkewe ugonjwa, na wanaume wengi hawana dalili. “Daktari, nikimwambia ataniuliza nimeutoa wapi,” alisema. Nikamweleza, na baadaye nikamweleza mumewe walipokuja wote, kwamba trikomonasi inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila mtu kujua. Kipimo cha leo hakisemi nani alianza wala lini. Walitibiwa wote, wakakaa bila kujamiiana hadi wote walipomaliza dawa na dalili kwisha. Alirudi baada ya miezi mitatu kupimwa tena, akawa salama.

Je, angeendelea na dawa za fangasi? Trikomonasi isiyotibiwa huongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na kwa mjamzito huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Klamidia na kisonono zikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi zinaweza kuleta ugumba.

Siwalaumu wauza dawa peke yao. Sisi wa hospitali nasi tuna tabia ya kuandika dawa tatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na ya zinaa, bila kumtazama mgonjwa. Kutibu kwa dalili kuna mahali pake pale ambapo hakuna maabara. Lakini Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 linataka vipimo vitumike pale vinapopatikana, na karatasi ile ya tindikali haihitaji umeme wala mashine. Kituo chenye darubini ya kupimia malaria kinaweza pia kutazama tone la uchafu.

Ombi langu kwa muuza dawa ni maswali manne kabla ya kufungua kabati. Kuna harufu au rangi ya njano au kijani? Kuna maumivu chini ya kitovu, homa, au damu isiyo ya hedhi? Una ujauzito? Umetumia dawa ya fangasi ndani ya miezi miwili iliyopita? Jibu likiwa ndiyo kwa hata moja, mpeleke kituoni. Kidonge cha flukonazoli, kwa mfano, si cha kumpa mjamzito.

Anayeweza kununua dawa ya fangasi mwenyewe ni yule aliyewahi kuthibitishiwa na mtaalamu, anayeziona dalili zilezile, muwasho na uchafu mweupe mzito usio na harufu, na hana lolote katika hayo manne. Nafuu isipokuja ndani ya wiki moja, aende apimwe. Na anayepata fangasi mara tatu au zaidi kwa mwaka apimwe sukari na virusi vya Ukimwi.

Kwa wazazi wenye mabinti wadogo nina neno moja. Mtoto ambaye bado hajabalehe ni nadra kupata fangasi ukeni, isipokuwa anayevaa nepi. Akiwashwa, hasa usiku, inaweza kuwa minyoo midogo ya njia ya haja kubwa, au sabuni. Akitoa uchafu wenye harufu au damu, huenda kuna kitu kimeingia ukeni, kama kipande cha karatasi, au huenda kuna mtu amemfanyia ukatili. Usimwekee dawa yoyote, na usimkaripie. Mlete aangaliwe siku hiyohiyo.

Na wewe mama, ukija kwetu usijisafishe ndani kabla ya kuja, wala usiweke dawa siku hiyo. Huo uchafu unaouonea haya ndio tunaohitaji kuutazama.