Daipa sita kwa siku? Piga hesabu kwanza

Pita mtaani baada ya mvua utaziona: daipa zimefura, zimeziba mtaro. Nje ni plastiki, ndani ni chembechembe zinazofyonza maji na kuwa kama uji mzito. Kwa hivyo haziozi upesi, na kuzichoma ni moshi mtupu. Ukizitumbukiza kwa choo cha ploti, shimo linajaa mapema na bomba la gari la kunyonya linaziba.

Sasa mfuko wako. Tuseme mtoto anatumia sita kwa siku, nawe unanunua moja moja kwa shilingi 20. Hiyo ni 120 kila siku, 3,600 kwa mwezi. Kwa hasla, hiyo si pesa ndogo!

Mimi nasema rudi kwa nepi za kitambaa. Tafuta taulo za pamba za mitumba, kata miraba ya sentimita 60, shona kingo. Kumi na mbili zinatosha ukifua kila siku. Juu yake mvishe chupi ya plastiki. Kinyesi kikung'ute chooni, suuza kwa maji baridi, kisha fua kwa maji moto. Achana na dawa ya kulainisha nguo, inafanya kitambaa kisinyonye. Nepi safi ikinuka punde tu inapolowa, bado ina uchafu au sabuni, rudia.

Najua maji ni ya kununua, na Julai nguo hazikauki. Basi mchana kitambaa, usiku daipa moja. Hapo daipa ni shilingi 600 kwa mwezi.