Acheni Kusafisha Kitabu cha Chama

Picha iliingia WhatsApp saa tatu usiku. Ukurasa mmoja wa kaunta buku, umepigwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, kivuli cha simu kimefunika kona ya chini. Chini ya picha maneno matatu tu: "Hii uifanye ofisho."

Shangazi yangu ni karani wa chama cha akina mama 14 kule Kiogoro, karibu na mji wa Kisii. Ofisi moja ilikuwa imemrudisha na kitabu chake mkononi ikamwambia alete kumbukumbu "zilizochapwa vizuri". Kwa hiyo akafanya kile ambacho shangazi na mama zetu wote hufanya siku hizi: akamtumia mtoto mwenye laptop.

Najua siko peke yangu. Karibu kila rafiki yangu aliye mjini amewahi kupokea picha kama hiyo, na karibu wote tumeifanya kazi vilevile. Tunafungua Eksel, tunapanga majina, tunatia rangi ya kijani kwenye safu ya juu, tunaandika kichwa kwa herufi kubwa, tunarudisha PDF na kushukuriwa kwa baraka za Mungu. Nataka kusema wazi kwamba mara nyingi tunawaharibia.

Chukua huu ukurasa wenyewe. Chama hiki ni cha mezani, yaani pesa zote huwekwa mezani mbele ya watu, zinahesabiwa, kisha zinakopeshwa siku hiyohiyo. Kila mama huleta hisa ya 500 na 100 ya ustawi, ile ya misiba na wagonjwa. Aliyekopa hurudisha sehemu ya mkopo na riba ya shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi. Aliyechelewa hutoa faini ya 50. Shangazi huandika vyote kwenye mstari mmoja mbele ya jina, kwa kalamu ya buluu, na pale mambo yanapokuwa mengi huandika pembeni kwa herufi ndogo.

Nikachapa. Mama mmoja hakuja wala hakutuma kitu, basi waliolipa ni 13. Hisa 6,500. Ustawi 1,300. Mikopo iliyorudi 7,000. Riba 1,200. Faini ya watu wawili, 100. Nikaandika =SUM na Eksel ikanipa 16,100. Chini ya ukurasa shangazi alikuwa ameandika, na kupigia mistari miwili, 15,800.

Hapa ndipo uozo huanzia, na ni sekunde moja tu. Nilijiambia: shangazi amekosea hesabu, kompyuta haikosei. Nikaweka 16,100. Kumbukumbu zikapendeza.

Sasa fikiria maana ya hiyo namba. Nimeandika kwenye karatasi itakayopigwa muhuri kwamba siku ile mezani kulikuwa na shilingi 300 ambazo hazikuwepo. Mweka hazina, mama wa watu anayeuza mboga, ana sanduku lenye upungufu wa 300 kwa mujibu wangu. Hakuna aliyemshtaki bado. Lakini ikifika Desemba, wakati wa kugawana, mtu atakaa na ile PDF na kalkuleta, na katika chama mtu haulizwi "ulikosea?" Anaulizwa "pesa iko wapi?"

Kilichoniokoa ni upande wa pili wa hesabu, ambao sisi watoto wa Eksel hatuuangalii kwa sababu haumo kwenye safu za majina. Pesa za mezani lazima ziende mahali. Chini ya orodha shangazi alikuwa ameandika mikopo mitatu iliyotolewa siku hiyo: 6,000, 5,000 na 3,000. Hiyo ni 14,000. Ustawi 1,300 ukaingia sandukuni. Na akaandika "baki 500". Jumlisha: 15,800 kamili. Pesa zilizotoka zinakubaliana na shangazi. Aliyekosea ni mimi.

Nikampigia, nikamwomba apige picha nyingine, na safari hii asikate ukingo wa kushoto. Ilipokuja nikaona. Mbele ya mama mmoja, ambaye hapa nitamwita Moraa, kulikuwa na 500, na juu yake kwa herufi ndogo sana, 200. Kule ukingoni, nusu yake ikiwa imekatwa kwenye picha ya kwanza: "300 J3 ndizi".

Nikauliza. Shangazi akacheka. "Mwanangu, Moraa alikuwa na mia mbili. Mia tatu ataleta Jumatatu akishauza ndizi Daraja Mbili. Tulikubaliana sote, hatukumtoza faini."

Angalia hicho kipande cha karatasi kimebeba nini. Kinasema anadaiwa kiasi gani, atalipa lini, kwa mali gani, na kwamba wenzake walikubali. Ni mapatano kamili yaliyoandikwa kwa herufi sita na tarakimu nne. Je, jedwali langu safi lingemweka wapi? Ama 500, na mweka hazina anakuwa mwizi, ama 200 yenye rangi nyekundu na neno "MDAIWA", na Moraa anakuwa mkaidi. Zote mbili ni uongo.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na sikatai kwamba ina uzito. Ofisi zinataka karatasi zinazosomeka. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kikundi cha watu wasiopungua 10 kinaweza kusajiliwa, na bila cheti ni vigumu kufungua akaunti ya benki au kuomba pesa za serikali. Sawa. Lakini hebu tukumbuke kile ambacho hazina kama Uwezo inataka kujua kuhusu kikundi: kama kimekaa pamoja kwa miezi kadhaa na kama wanachama wake huchanga kweli kila mwezi. Ushahidi wa jambo hilo ni kile kitabu chenye madoa ya chai, miezi kumi na minane mfululizo, kalamu tofauti, sahihi zilezile. Faili uliyotengeneza jana usiku inathibitisha tu kwamba una laptop.

Na ukweli mwingine: kumbukumbu hazifanywi ofisho na fonti. Zinakuwa ofisho pale zinaposomwa kwa sauti kwenye mkutano unaofuata, watu wakasema "ndivyo tulivyosema", mtu akapendekeza, mwingine akaunga mkono, mwenyekiti na karani wakatia sahihi na tarehe. Tulifundishwa hayo shuleni kwenye insha za kumbukumbu, ila tulichobaki nacho ni yale mapambo. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari nimechapa "mkutano ulifungwa kwa maombi saa kumi na moja jioni" kabla sijagundua kwamba hakuna popote kwenye ukurasa palipoandikwa saa ya kufunga. Nilijitungia mkutano.

Majina nayo ni balaa la peke yake. Kitabuni kuna Moraa wa juu na Moraa wa mtoni. Kuna "Mama Posho Mili". Kila mtu Kiogoro anajua ni nani. Mimi kwa ustaarabu wangu niliona "wa juu" si jina la heshima, nikafuta, nikabaki na Moraa wawili na hisa ambazo hakuna mgeni angeweza kusema ni za nani. Tena kuna mama ambaye hakuja siku hiyo, alituma mchango wake kwa M-Pesa kupitia simu ya mwanawe, na karani akabandika pembeni jina lililokuja kwenye ujumbe. Mtu anayepanga majina kwa haraka ataona jina kamili la watu wawili lenye herufi kubwa, aone ndilo la ofisho, aliweke kwenye orodha. Fanya hivyo kwa mwaka mzima na hisa za mama zitakuwa zimehamia kwa kijana ambaye hajawahi kukaa kwenye ile meza. Siku mama akifariki, au huyo kijana akioa, utasikia.

Kwa hiyo majina hayapangwi kwa kukisia usiku ukiwa Nairobi. Nilimpa shangazi karatasi yenye safu tatu apeleke mkutanoni: jina la kitabuni, jina la kitambulisho, jina la simu inayotuma pesa. Kila mama ajaze au ajaziwe akiwa pale, atie sahihi au kidole. Namba za vitambulisho zikae kwenye hiyo karatasi inayokwenda ofisini, zisiingie kwenye kumbukumbu zinazosambazwa kwenye grupu la WhatsApp lenye wapwa na wakwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, mkopo wa simu unaochukuliwa kwa namba ya mtu mwingine si hadithi ngeni kwetu.

Ninachokasirikia zaidi ni dharau iliyojificha kwenye huu msaada wetu. Abagusii walikuwa na egesangio, majirani wanalimiana kwa zamu shamba hadi shamba, na kila mmoja alijua nani anadai siku ngapi za jembe bila hata karatasi. Mama hawa wamehamisha ustadi uleule kwenye kaunta buku. Halafu anakuja mtu ambaye hajawahi kutunza hesabu ya watu 14 kwa mwezi mmoja, pamoja na mimi, anaona herufi ndogo za pembeni na kuziita uchafu.

Basi nilivyofanya ni hivi. Nilichapa ukurasa kama ulivyo, mstari kwa mstari. Kwa Moraa nikaandika: "200, salio 300 kulipwa Jumatatu baada ya kuuza ndizi, mkutano umekubali bila faini." Nikaweka pesa zilizoingia na zilizotoka, pande zote mbili, hadi 15,800. Mahali nisiposoma vizuri, tarakimu moja ya faini iliyokuwa kama 5 au 6, sikukisia, nilimpigia. Juu kabisa nikaandika "Nakala ya kitabu", na namba ya ukurasa, ili yeyote mwenye shaka aende kwenye kitabu. Chini nikaacha mistari mitupu ya sahihi na tarehe.

Shangazi aliipokea, akanyamaza kidogo. "Hii mbona si ya kupendeza kama ile ya Mama Posho Mili alifanyiwa na mtoto wake kwa chama chao cha kanisa?"

Nikamwambia aisome mkutanoni kwanza. Wiki iliyofuata akaisoma. Alipofika kwa Moraa, Moraa akasimama akasema mia tatu alileta Jumatatu hiyohiyo, akampa mweka hazina sokoni, na mbona haijaandikwa. Mweka hazina akasema ni kweli. Wakaiandika kwenye kitabu, kwa kalamu, kwenye yatokanayo, na wote wawili wakatia sahihi pembeni. Shangazi akanitumia picha ya ukurasa mpya. Safari hii ukingo wa kushoto ulikuwa mzima.