Saa Ishirini na Nne Si Adui wa Kiswahili

Wako washairi wenzetu wanaodai kwamba anayeweka simu yake katika mpangilio wa saa 24 ameutupa wakati wa Kiswahili. Nawapinga. Kinachouvuruga wakati wetu ni mpangilio wa saa 12, ambao hao hao wameupokea bila kuhoji.

Chukua mwaliko wa mkesha wa mashairi utakaoanza saa moja usiku. Simu ya saa 12 huonyesha 7:00 PM. Mwandalizi, kwa kulipenda neno la kwetu, huondoa PM na kutangaza "saa 7:00 usiku". Kwa Mswahili hiyo ni saa moja nzima baada ya usiku wa manane! Tarakimu ni za Kizungu, neno ni la Kiswahili, na msomaji hana namna ya kujua lipi alifuate. Mwandalizi angeona 19:00, kosa hili lisingepata mlango, kwa kuwa Kiswahili hakina saa ya kumi na tisa. Angelazimika kufasiri: atoe sita, zibaki kumi na tatu; atoe kumi na mbili, ibaki moja. Nakiri kwamba 07:00 bado yaweza kumtatiza mtu. Ndiyo maana katika mwaliko nashauri maneno yatangulie: saa moja usiku (19:00).

Kuchagua lugha pekee hakutoshi. Eneo ni jambo jingine, na menyu za Kiswahili zaweza kukaa juu ya eneo la Marekani. Hapo tarehe 5 Julai huandikwa 07/05, nasi tukaisoma 7 Mei. Chagua Kiswahili (Tanzania) au Kiswahili (Kenya), kisha itazame tarehe yoyote iliyopita 12: ukiona 07/25, eneo bado si lako.

Eneo hilo ndilo huamua pia alama za namba. Kwa mpangilio wa Tanzania na Kenya, 1,500 ni elfu moja na mia tano. Kwa Kiswahili cha Kongo, nukta ndiyo hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, hivyo 1,500 husomeka moja na nusu. Mweka hazina wa chama chenye wanachama pande zote mbili asilipuuze hili.

Kuhusu juma, mpangilio wa Kenya huanza Jumapili na wa Tanzania Jumatatu. Majina yetu hayakubaliani na wowote: mosi ni Jumamosi, na Jumatano ni ya tano, ingawa kalenda ya Tanzania huiweka safu ya tatu. Simu nyingine huruhusu siku ya kwanza ichaguliwe peke yake, pasipo kugusa eneo. Yangu huanza Jumamosi. Tarehe na miadi hazikuhama. Safu tu ndizo zilizosogea.