Mshenga Ndiye Huyo, Ila Si Kila Mshenga

Wiki hii nina kisa cha binti mmoja wa Sinza, mhasibu kijana, aliyekuwa akihangaika kumfikia meneja wa fedha wa kampuni moja ya mizigo hapa Dar. Alishamwandikia mara mbili kwenye LinkedIn. Kimya! Msimlaumu bwana yule. Mtu wa cheo chake huandikiwa na wageni kila kukicha, na mgeni ni mgeni tu.

Kwetu mtu haendi kuposa mwenyewe, anatuma mshenga. Na mtandao ule unakuonyesha washenga waliopo. Ukikuta "2nd" pembeni ya jina la mtu, maana yake wewe na yeye hamjaunganishwa, ila kuna mtu katikati aliyeunganishwa na nyote wawili. Chini yake kuna maneno "mutual connections". Yaguse, utaletewa orodha. Binti yetu alikuta majina 9.

Hapo ndipo alipochemsha. Alirukia jina kubwa kuliko yote, mkurugenzi mwenye maelfu ya marafiki humo mtandaoni. Jibu likaja: "Huyo bwana nadhani tulikutana semina, simkumbuki vizuri." Unaona? Kuunganishwa kule ni kubofya tu, si kujuana.

Ndipo akaniletea orodha yake, tukakaa tukaichuja. Njia hii ina pande mbili: wewe na mshenga, halafu mshenga na mwenye nyumba. Upande mmoja ukiwa wa baridi, njia nzima imepoa.

Tukaanza na upande wake. Nikamuuliza, kati ya hawa 9, nani ukimpigia simu leo anapokea na kukuita jina? Wakabaki 4. Kisha tukafungua ukurasa wa kila mmoja na kusoma alikofanya kazi, hasa miaka. Mmoja alipita benki ileile aliyopita meneja, binti akashangilia. Nikamwambia tulia, shoga. Huyu aliondoka 2014, meneja aliingia 2017. Hawakuonana hata mlangoni.

Wa tatu ndiye. Ni kaka aliyemsimamia binti alipokuwa mafunzoni kazini. Kaka huyo na meneja walikaa idara moja ya hesabu miaka ileile. Tena chini ya ukurasa wake, penye neno "Recommendations", meneja mwenyewe alikuwa amemwandikia maneno mazuri kwa mkono wake. Mtu hakai chini kumsifia asiyemjua. Mshenga kapatikana!

Binti alitaka amtumie ujumbe humohumo. Nikakataa, mpigie simu. Akampigia: "Shikamoo kaka. Yule meneja unamfahamu kiasi cha kunitambulisha kwake? Kama hapana niambie tu, hakuna ubaya." Mlango huo wa kukataa ni muhimu, maana kaka anakuazima jina lake. Ukienda kuboronga, atakayeona aibu ni yeye.

Kaka akakubali. Binti akamtumia ujumbe mfupi ambao kaka angeupeleka ulivyo bila kuhangaika kutunga:

"Mimi ni mhasibu, nina miaka miwili kwenye hesabu za mizigo. Naomba dakika 15 za meneja nimuulize idara yake inatafuta ujuzi gani kwa wanaoanza. Siombi kazi kwa njia hii."

Akamwomba pia amuulize meneja kwanza kama yuko tayari, ndipo atoe namba. Siku ya tatu jibu likaja: Alhamisi, saa tisa alasiri.

Je, kapata kazi? Hapana. Mshenga hufungua mlango, hagawi kiti. Ila ametoka na jambo ambalo barua mbili hazikumpa: meneja kamwambia bila kuficha kwamba wanaoomba pale huangushwa na hesabu za ushuru wa forodha. Sasa binti anajua asome nini. Na jioni ileile alimpigia kaka kumshukuru na kumweleza yaliyojiri, maana mshenga asiyeletewa majibu harudi mara ya pili.

Chonde chonde, usitume washenga watatu kwa mkupuo. Meneja akiulizwa habari zako mara tatu siku moja, ataona kero. Mmoja akisema sawa kisha akanyamaza, ngoja wiki, mkumbushe mara moja, halafu mwachie na uende kwa mwingine. Usije ukaandika "nimeelekezwa na fulani" kabla fulani hajakubali. Watu wale wanapigiana simu, utaumbuka. Na ukiona "3rd", ujue kuna watu wawili katikati. Mshenga wa mshenga! Kwanza tafuta wa karibu zaidi, hata kama yuko kijiweni kwenu na hana habari na mtandao.

Haya, wiki ijayo basi, majaliwa.