Msiite Woga Kabla ya Kuuliza Sindano

Hapa Nyarushishi, wilaya ya Rusizi, mtu akianza kutetemeka kwenye foleni majibu yako tayari: "ana malaria" au "ni woga wa vita". Napinga yote mawili yakisemwa kabla ya swali moja: mama, unachoma insulini? Na umekula saa ngapi?

Jirani yangu huchoma insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa, saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya mgao alikunywa chai kavu akakimbilia foleni asipoteze zamu. Lakini insulini hiyo haingoji zamu, inaendelea kushusha sukari mpaka mchana. Saa tano nguo ilikuwa imelowa mgongoni, mikono inacheza, moyo unadunda kama amepanda mlima mbio. Mfanyakazi mmoja akamwambia, "Tulia mama, vuta pumzi." Sasa pumzi itapandisha sukari?

Sukari ikishuka, mwili humwaga adrenalini, homoni ileile ya woga, ndiyo maana dalili zinafanana. Tofauti iko kwenye ngozi na kwenye saa. Mwenye malaria mara nyingi anachemka. Huyu ngozi imepoa, jasho la baridi limemjia ghafla, ana njaa, na ukihesabu saa utakuta dawa imeingia ila chakula hakijaingia. Akicheleweshwa anaanza kuongea ovyo au kugombana, watu wanasema amelewa. Na kama anameza propranololi au atenololi kwa ajili ya presha, moyo unaweza usidunde wala mikono isitetemeke. Jasho ndilo linabaki.

Kipimo cha kidole kilisoma 48. Chini ya 70 tayari imeshuka. Tulimpa vijiko vidogo vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji. Mwingine akaleta karanga, tukaziweka kando kwanza, maana mafuta huchelewesha sukari kuingia. Dakika 15 baadaye: 61. Tukarudia. Dakika 15 nyingine: 94, ndipo akala.

Kipimo kisipokuwepo, mpe sukari tu. Ukiwa umekosea, vijiko vinne havitamdhuru kama kungoja kunavyoweza kumdhuru. Ila aliyezimia usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbize kwa waganga wamtie glukosi kwenye mshipa. Na anayemeza glibenklamidi asiachwe peke yake akipata nafuu, dawa ile inaweza kumshusha tena baada ya saa nyingi.

Sukari ya siku ile ilitoka nyumbani kwangu. Kwenye meza ya mgao kulikuwa na mihuri, megafoni na fomu za kutosha. Wekeni hapo kilo moja ya sukari na kikombe, na kabla foleni haijaanza, megafoni hiyo iite kwanza waliochoma insulini asubuhi.