Kuuliza si ujinga, lakini siyo swali lolote tu!

Wadau, leo nina hasira kidogo. Jana jioni kimbwetani jamaa yangu mmoja, naye wa ualimu, katamka kwamba mkubwa akikupa kazi we jibu "sawa mwalimu" kisha ukajipange mwenyewe, maana ukiuliza utaonekana hamnazo. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nasema ni uongo mtupu, na ushahidi ninao.

Tukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwalimu wa taaluma alituambia: "Kila mmoja atunge jaribio la somo lake, Kidato cha Pili, alama 50, liwe tayari Ijumaa." Basi, akaondoka. Jamaa akaitikia "sawa". Nilimshauri aulize, akacheka. Ijumaa asubuhi kaja na karatasi moja ya mkono, kumbe wanafunzi wanaingia kufanya saa nne! Ikabidi aandike maswali ubaoni, na watoto wakapoteza nusu ya muda wakinakili. Isitoshe, yote yalitoka kwenye mada mbili alizofundisha yeye, wakati darasa lilisoma nne.

Mimi nami sikukimbilia "Mwalimu, sijaelewa, unataka nini?" Swali hilo linamrudishia mkubwa kazi yote. Wala sikusema "Una uhakika ni Ijumaa?", kama vile namtilia shaka. Nilianza na azimio la kazi na jaribio la muhula uliopita. Idadi ya maswali na muda nikavikuta humo, hivyo sikuviuliza. Yakabaki mawili ambayo hayamo kwenye faili lolote. Jumatatu saa ya chai nikamfuata pembeni, rasimu mkononi:

"Shikamoo mwalimu. Azimio linaonyesha wamemaliza mada nne, mbili nimefundisha mimi. Nimegawa alama 25 kwa za mwanzo na 25 kwa zangu. Niendelee hivyo, au lipime zangu tu? Pia, kama wanafanya Ijumaa, nikuletee Jumatano ili nakala zitoke Alhamisi?"

Hata dakika haikuisha. Mada zote nne, ila za mwanzo zipewe 20. Jumatano kabla ya saa sita. Nikamrudia alichosema, nikaandika kwenye daftari, nikashukuru.

Mnaona tofauti? Swali langu lilikuwa na kazi niliyokwisha fanya ndani yake, naye akabakiwa na kuchagua tu. Ningekosea kuelewa siku, angenirekebisha palepale.

Lakini msizidishe. Maswali yapelekwe yote mara moja. Ukienda mara nne utamchosha. Na akikujibu "fanya unavyoona", mwambie utafanya nini, kisha fanya hivyohivyo.

Kwa hiyo jamaa wa kimbwetani, hiyo "sawa mwalimu" yako siyo heshima, ni woga. Na gharama yake walilipa watoto wa Kidato cha Pili.

Haya, nakimbilia lekcha ya saa mbili. Anayebisha aje na hoja!