Ujumbe kwa dada baada ya ugomvi wa kumtunza mama
Ujumbe wa kutuliza ugomvi wa ndugu kuhusu matunzo ya wazazi hutumwa kwa mhusika peke yake, si kwenye kundi la familia la WhatsApp, ambako kila neno lina mashahidi na hakuna anayekubali kushuka mbele yao. Mfano ni kaka aliyeko Dar es Salaam na dada yake mkubwa anayemuuguza mama mwenye kisukari huko Korogwe. Kaka hutuma pesa na kudhani amemaliza; dada ndiye anayeamka usiku kumpeleka mama msalani, na kazi hiyo haina risiti. Kwa hiyo ujumbe huanza na kazi yenyewe: “Dada, shikamoo. Najua kliniki unampeleka wewe, na usiku hulali.” Samahani ya masharti, ile ya “ikiwa nilikukosea”, huifufua kesi, maana dada anajua fika alivyokosewa. Kisha hufuata ahadi moja yenye muda maalumu: “Desemba nachukua likizo, nitakaa na mama wiki mbili, upumzike.” Hesabu za nani alitoa nini husubiri kikao cha ana kwa ana. Jibu likichelewa siku mbili tatu, ujumbe wa pili hautumwi. Anayeuguza hushika simu akipata nafasi.